Kelele za saa kumi na nusu

"Kaka, programu yangu ya jedwali la opsheni hulia kila soko la New York linapofunguliwa. Inasema IV imeruka, kisha robo saa baadaye kimya. Nipandishe kizingiti?"

Usiguse kizingiti kwanza. Tazama IV, yaani kiwango cha kuyumba kwa bei ya hisa ambacho soko linakitarajia, inatoka wapi. Programu huikokotoa kutoka kwenye bei ya opsheni, na kwa kawaida huchukua bei ya katikati, baina ya anachotoa mnunuzi na anachotaka muuzaji. Saa kumi na nusu jioni hapa Mombasa (saa kumi na moja na nusu wanaporudisha saa zao nyuma mwezi Novemba), wauzaji bado wanajihami, na pengo hilo ni pana.

Chukua hisa ya dola 100, opsheni ya kununua kwa dola hizo hizo 100, siku 30 zimebaki. Kwa makadirio ya haraka, S ikiwa bei ya hisa:

```
IV ≈ bei / (0.4 * S * sqrt(siku/365))
```

Jana mnunuzi alitoa 3.30, muuzaji akataka 3.58. Katikati ni 3.44, yaani IV ya asilimia 30. Leo soko linapofunguliwa mnunuzi anatoa 2.90, muuzaji anataka 5.10. Katikati ni 4.00, na IV imefika karibu asilimia 35. Programu inalia, ilhali mnunuzi ameshusha bei! Ukikokotoa IV kwa bei ya mnunuzi peke yake, imeshuka kutoka karibu 29 hadi 25.

Kwa hiyo wengi huiamuru programu ipuuze opsheni yoyote ambayo pengo lake linazidi, tuseme, asilimia 10 ya bei ya katikati. Usingizi unapatikana, lakini hapo ndipo ninapopata wasiwasi, kwa sababu hofu ya kweli nayo hupanua pengo. Tarehe 5 Agosti 2024, kabla ya soko kufunguliwa, VIX, fahirisi ya hofu ya soko ambayo hukokotolewa kwa bei hizo hizo za katikati za opsheni za S&P 500, ilipanda hadi 65.73. Sehemu kubwa ya mruko huo ilitokana na mapengo. Hata hivyo siku ilifungwa kwenye 38.57, kutoka 23.39 ya Ijumaa iliyotangulia. Aliyechuja kila pengo pana alinyamaziwa asubuhi ambayo soko lilikuwa linatikisika kweli.

Mimi ningeweka ngazi mbili. IV ya katikati ikiruka peke yake, andika kwenye kumbukumbu na upime tena baada ya dakika 10. IV ya mnunuzi ikipanda nayo, simu ilie, maana sasa yuko mtu aliye tayari kulipa zaidi. Gharama yake ni kuchelewa: soko likiporomoka, wanunuzi huondoa bei zao kwanza, na kengele yako itakuja nyuma ya tukio. Kama umeuza opsheni bila kinga, dakika hizo 10 ni nyingi mno. Wewe vumilia kelele.