"Kidogo tu" ya mteja

Jana rafiki yangu kanipa simu nisome meseji zake na mteja, aisee nimechoka mimi nisiyehusika. Makubaliano yalikuwa logo 1 na marekebisho mara 2, basi, yapo pale juu kabisa yameandikwa. Siku ya tatu mteja anaanza "naomba unitengenezee na bizinesi kadi, ni kidogo tu", jamaa anajibu "sawa bosi". Hapo ndo alipojimaliza! Maana baada ya hiyo sawa likaja bango, marekebisho yakafika 7, juzi eti logo icheze kama video, na kila akigusia hela anaambiwa "tumalize kwanza hii". Tumalize nini sasa wakati kila siku inaongezeka? Halafu bango sio kuvuta logo ikawa kubwa, ni kupanga upya kila kitu, ila mteja anadhani ni kubonyeza tu. Ile ya kadi angejibu "inawezekana, ila iko nje ya tulichokubaliana, bei yake ni hii, naanza ukithibitisha", asingefika huku. Nikamwambia basi faili za mwisho usitume mpaka ulipwe. Eti keshatuma. Tena na imoji ya kucheka.