Chaneli ya 4 ilikuwa tupu, ikaniponza

Kwa miezi kadhaa niliilaumu kampuni inayoniletea intaneti. Kila usiku video ilikwama, kile kiduara kikazunguka, nami nikapiga simu kwa hasira. Baadaye niligundua kwamba mkosaji nilikuwa mimi. Nilikuwa nimeiweka ruta yangu ya waifai kwenye chaneli ya 4, kwa sababu programu ya simu ilionyesha kwamba hakuna jirani hata mmoja anayeitumia.

Ushauri wa "tafuta chaneli isiyo na mtu" umezoeleka sana, na kwenye masafa ya gigahezi 2.4 mimi nauona unapotosha. Chaneli za masafa hayo zimeachana kwa megahezi 5 tu, ilhali ruta ikirusha mawimbi huchukua upana wa megahezi 20 hivi. Kwa hiyo aliye kwenye chaneli ya 4 anamgusa wa chaneli ya 1 kwa upande mmoja na wa chaneli ya 6 kwa upande wa pili. Chaneli tatu zinazokaa bila kugusana ni 1, 6 na 11.

Utasema, lakini huko kwenye 1 na 6 ndiko wamejaa majirani. Ni kweli, na bado ni afadhali. Ruta zilizo kwenye chaneli moja husikilizana: kabla ya kurusha, kila moja hutega sikio, ikisikia mwenzake anazungumza inangoja. Ni foleni, inachelewesha, lakini ina utaratibu. Ukikaa katikati, unachokisikia kutoka kwa jirani ni makelele yasiyoeleweka, naye anakusikia vivyo hivyo. Data zinaharibika njiani, zinarushwa upya, zinaharibika tena.

Kujua kama tatizo liko hewani au kwenye laini ya nje, ipime ruta yenyewe badala ya intaneti. Kwenye kompyuta ya Windows iliyounganishwa kwa waifai niliandika hivi (anwani ya ruta yako huenda ikawa tofauti):

```
ping -n 100 192.168.1.1
```

Majibu ya ruta iliyo chumba hichohicho yanapaswa kurudi ndani ya milisekunde chache. Yangu yalikuwa 3, halafu 4, halafu 190, halafu `Request timed out`. Kampuni haihusiki hapo; data zilikuwa hazijatoka hata nje ya nyumba.

Nikapima tena majirani, safari hii nikiangalia nguvu, si idadi peke yake. Namba za nguvu hiyo, kwa kipimo cha dBm, ni hasi, na inayokaribia sifuri ndiyo yenye nguvu. Chaneli ya 6 ilikuwa na mmoja tu, lakini wa -58 dBm, yaani kama vile yuko sebuleni kwangu. Ya 11 ilikuwa na watatu wa karibu -72. Ya 1 ilikuwa na wawili, -84 na -86, sauti za mbali kabisa. Nikahamia 1, na palipoandikwa `Channel Width` nikachagua 20 MHz, maana 40 ingenirudisha kulekule kwa jirani wa 6.

Ikabaki maikrowevu. Hii nayo hufanya kazi karibu na gigahezi 2.45, na kinachovuja mlangoni ni kidogo sana kwa mwili wa binadamu, ila kwa waifai ni kelele kubwa. Tena haisikilizi mtu wala haingoji zamu. Dalili yake haifichiki: majibu yanaharibika dakika mbili za kupasha chakula, kisha yanatulia mlio wa kumaliza ukisikika. Chaneli ya 1 iko mbali kidogo na kelele hiyo, lakini dawa hasa ilikuwa kuitoa ruta jikoni na kuihamishia runinga kwenye gigahezi 5, ambako maikrowevu haifiki.

Simu ya chumbani sikuihamisha. Kati yake na ruta kuna kuta mbili za zege, na gigahezi 5 ilifika huko ikiwa -81. Ile ya 2.4 ilifika -66, inayotosha video. Na msihangaike kuongeza nguvu ya ruta: simu itaisikia vizuri zaidi, lakini sauti ya simu kurudi itabaki ileile ndogo.

Sasa majibu ni kati ya 2 na 7 karibu usiku kucha. Wiki iliyopita lakini yalianza kuruka tena. Nikapima: kuna jirani mpya, -60, amejiweka chaneli ya 3. Bila shaka aliiona tupu. Bado natafuta namna ya kumgongea mlango nimweleze.