Mhusika Aliyekuja Kudai Hela ya Chapati

Kikundi chetu cha Majengo, Moshi, kiliamua kutunga igizo bila mwandishi. Tulichagua hali moja tu: bibi kashuka stendi na mkungu wa ndizi, wapiga debe wawili wanamgombania. Wenzangu wakaanza kubuni papo kwa papo. Mimi, mwongozaji, nikaacha simu dirishani inarekodi, nikaenda kufuata vocha.

Usiku nikanukuu dakika 40 zote, mpaka vikohozi. Hilo halikuwa igizo, ilikuwa stendi yenyewe. Katika makelele kama hayo usiwinde utani, maana utani wa mazoezini hauchekeshi mara ya pili. Winda pale mambo yanapogeuka: aliyekuwa mbabe ananywea, aliyekataa anakubali. Kila mgeuko niliuandika kwenye kikaratasi chake, nikavipanga sakafuni, nikawa naondoa kimoja kimoja. Hadithi ikitembea bila hicho, basi hakina kazi. Vilikuwa 19, vikabaki 6.

Kimoja kilinikosesha usingizi. Katikati ya ugomvi, sauti ya mama: "Hela yangu ya chapati mnanipa lini? Elfu moja mia tano, tangu Jumanne!" Kimya. Kisha yule mpiga debe mwenye kifua, kwa sauti ya kitoto: "Kesho, mama." Nikasema hiki ndicho kilele! Nani kabuni hiki?

Walicheka kupita kiasi, hakuna aliyejibu. Nikampa nafasi hiyo dada mmoja. Tukarudia kubuni tukifuata vile vikaratasi, bila kusoma, ili maneno yabaki ya mdomoni. Tukarekodi tena, ndipo nikaandika mswada: dakika 9. Katikati ya maneno yako unaweza kuteleza kidogo, lakini sentensi ya mwisho haiguswi, kwa sababu ndiyo inayomwita mwenzako. Dada nilimfundisha asisogeze hata kope kabla ya kusikia "Kesho, mama."

Wiki mbili nzima yule wa kifua alikuwa akifika hapo anatoka jasho. Nikamsifu, "Unaaibika vizuri mno!" Akajibu, "Asante, kaka."

Siku ya onyesho, dada akatamka, "Elfu moja mia tano, tangu Jumanne!" Viti vya nyuma vikajibu: "Sasa ni elfu nne na mia tano! Na ndoo yangu mnayo!"

Makofi. Watu walidhani tumempanga. Dada kaganda, anasubiri sentensi yake. Mpiga debe ananitazama mimi. Nami, kwa mazoea ya uongozaji, nikamnong'oneza: "Maneno yako!"

"Kesho, mama."

"Leo!" Mama kapanda jukwaani, kanga kaifunga kiunoni. Tukamlipa hapo hapo kwa hela ya viingilio, noti kwa noti, na hadhira ikihesabu kwa sauti. Ndipo nikakumbuka, na mimi nilikula mbili.

Mswada nimeurekebisha: elfu nne na mia tano. Ndoo nimeiweka kwenye orodha ya vifaa vya jukwaani, ila mwenyewe kaja kuichukua.