Lini? Neno moja lililoninyima alama kwenye mtihani wa jinai

Mwaka wa kwanza wa sheria nilipata saba kati ya ishirini kwenye swali ambalo nilitoka nalo chumba cha mtihani nikijipongeza. Nilikuwa nimeandika kurasa nne. Nilianza na ule usemi wa Kilatini kwamba kitendo hakimtii mtu hatiani mpaka na nafsi yake iwe na hatia, nikaeleza actus reus ni nini, yaani kitendo chenyewe, nikaeleza mens rea ni nini, yaani nia iliyo kichwani, nikamalizia kwamba mshtakiwa alikuwa na vyote viwili na kwa hiyo ameua kwa kukusudia. Msahihishaji hakubishana nami popote. Pembeni mwa ile sentensi ya mwisho aliandika neno moja kwa kalamu nyekundu: "Lini?"

Ilinichukua muda kuelewa. Nilidhani ananiuliza tarehe ya tukio.

Sasa nakaa na vijana wa mwaka wa kwanza Jumamosi, tunapitia maswali ya nyuma, na naliona kosa langu lilelile kila wiki. Mwanafunzi anasoma kisa, anatafuta kitendo, anakipata. Anatafuta nia, anaipata. Anavifunga pamoja kama kuni na kutangaza kosa. Hajauliza kama vilikuwepo kwa wakati mmoja. Mtunzi wa swali anajua hivyo, na ndiyo maana anavitenganisha kwa makusudi: nia anaiweka aya ya kwanza, kifo anakiweka aya ya tatu, na katikati anakuachia pengo uingie mwenyewe.

Nichukue swali moja nililowatungia mimi, maana limewaangusha wengi.

Hamadi anamdai Bakari pesa. Saa mbili usiku anamkuta nyuma ya nyumba, anachukua mchi wa kinu na kumpiga begani ili kumtisha alipe. Bakari anayumba, anaanguka na kugonga kichwa kwenye ukingo wa baraza, anatulia kimya. Hamadi anamwita, anamtikisa, anammwagia maji usoni. Hakuna jibu. Saa mbili na nusu, akiamini ameshaua, anampakia kwenye mkokoteni na kumtumbukiza kwenye kisima kisichotumika. Daktari aliyefanya uchunguzi wa maiti anasema Bakari alikufa maji. Jamhuri inamshtaki Hamadi kwa kuua kwa kukusudia.

Haraka ya kwanza ni kuandika: "Hamadi alikuwa na chuki kwa sababu ya deni, kwa hiyo alikuwa na nia ovu." Hapo umeshapotea. Deni ni sababu iliyomsukuma, si nia. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 10, inasema kinachomsukuma mtu kutenda si hoja, isipokuwa pale sheria yenyewe imetamka vinginevyo. Nia ovu ya kuua ina kifungu chake, cha 200, na humo utakuta mambo kama kukusudia kuua au kumdhuru mtu vibaya, au kujua kwamba kitendo chako yaelekea kitaleta kifo au madhara hayo hata kama hujali yatokee au yasitokee. Chuki haimo.

Ninachowaambia wafanye ni hiki: chukua karatasi ya rafu, andika kila kitendo na saa yake, halafu mbele ya kila kitendo andika kilichokuwa kichwani mwa mtu dakika ileile. Usiandike alichofikiri jana wala alichokuja kujua kesho. Ukifanya hivyo kwa Hamadi unapata mistari miwili. Saa mbili: kupiga kwa mchi, kichwani mna kutisha na kuumiza kidogo. Saa mbili na nusu: kutumbukiza kisimani, kichwani mna kuficha maiti.

Sasa tatizo linaonekana kwa macho. Kilichomuua Bakari ni maji, kwa hiyo kitendo kilichosababisha kifo ni cha saa mbili na nusu. Lakini saa hiyo Hamadi hakukusudia kumdhuru mtu aliye hai. Kwa jinsi alivyoamini, alikuwa anatupa maiti. Na saa mbili, alipokuwa na nia ya kumuumiza mtu hai, kitendo chake hakikumuua. Kitendo kiko huku, nia iko kule. Wakili wake atasimama na kusema hivyohivyo, na wala hatakuwa anacheza na maneno.

Hoja hiyo ilishafika kwenye Baraza la Faragha la Uingereza, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni yake, mwaka 1954, katika rufaa ya Thabo Meli na wenzake kutoka Basutoland, nchi tunayoiita Lesotho leo. Walipanga kumuua mtu, wakampeleka kwenye kibanda, wakampa pombe, wakampiga kichwani. Wakidhani amekufa, wakambingirisha kwenye genge ili ionekane ameanguka mwenyewe. Ushahidi wa daktari ulionyesha kwamba kipigo hakikumuua. Alikufa kwa kuachwa pale nje kwenye baridi. Mawakili wao wakasema: tulipokuwa na nia hatukuua, na tulipoua hatukuwa na nia. Jaji Lodi Reid alikataa. Alisema haiwezekani kuukata vipandevipande mfululizo ambao kwa kweli ulikuwa mmoja, uliotendwa kutimiza mpango mmoja. Rufaa ikatupwa.

Wanafunzi wengi wakikumbuka kesi hiyo wanaibandika kwa Hamadi na kupumua. Ndipo mtunzi anapocheka, kwa sababu Hamadi hakuwa na mpango wowote. Mchi aliuokota palepale. Kisima kilimjia akilini baada ya hofu kumwingia.

Kesi inayofanana naye ni ya Church, Uingereza, mwaka 1965. Mwanamume aligombana na mwanamke ndani ya gari lake, akampiga mpaka akazimia. Akajaribu kumwamsha kwa kama nusu saa, akaamini amekufa, akamtupa mtoni. Mwanamke alikuwa hai na alikufa maji. Hapakuwa na mpango. Baraza la wazee wa mahakama lilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, na mahakama ya rufaa ikaiacha hatia hiyo isimame: vitendo vyake vyote, tangu kipigo hadi mto, vilitazamwa kama mwenendo mmoja. Mahakama zetu hazifungwi na hukumu za huko, lakini huzisikiliza, na sijaona msahihishaji anayekataa Church ikitumika vizuri.

Kwa hiyo kwa Hamadi naanza kuandika kitendo na nia ya saa mbili. Kumpiga mtu kwa mchi ili kumtisha ni kitendo kisicho halali, na alikifanya kwa kukusudia. Mtu yeyote mwenye akili timamu angeona kwamba kinaweza kumdhuru mwenzake. Halafu nauunganisha mwenendo mpaka kisimani, na kifungu cha 195 kinatosha: amesababisha kifo kwa kitendo kisicho halali. Kuua bila kukusudia. Kuua kwa kukusudia kwa kifungu cha 196 kunashindwa, kwa sababu pigo la begani la kutisha, peke yake, halitupi nia ovu ya kifungu cha 200.

Hapa niseme jambo linaloniudhi kuhusu Kiswahili chetu cha mahakamani. Jina "kuua bila kukusudia" linawadanganya wanafunzi pande mbili. Wengine wanadhani maana yake hakuna nia yoyote inayotakiwa, kwa hiyo ajali tupu nayo inaingia humo. Haiingii, tukio la ajali linamtoa mtu hatiani kwa kifungu kilekile cha 10, isipokuwa pale palipo na uzembe unaoadhibiwa. Wengine wanafika kwenye "hakukusudia kuua" na kuandika "hivyo hana hatia", wakisahau kwamba alikusudia pigo. Kisichokusudiwa ni kifo.

Kuna mwanafunzi mmoja mkali aliyenibana kwamba hatuhitaji Church wala Thabo Meli, kwa sababu kifungu cha 203 kinasema mtu anahesabiwa kuwa amesababisha kifo hata kama kitendo chake si sababu ya karibu wala ya pekee. Pigo lilimzimisha, asingezimia asingetumbukizwa. Hoja nzuri, na nilimpa alama. Lakini soma kifungu mpaka mwisho. Kinataja matibabu, kinataja ugonjwa aliokuwa nao marehemu, kinataja kitendo cha marehemu mwenyewe au cha watu wengine kilichoandamana na kitendo cha mshtakiwa. Kitendo cha pili cha mshtakiwa huyohuyo, akiwa na fikra nyingine kichwani, hakikutajwa. Pengo hilo ndilo ambalo kesi zile mbili zinaziba, na jibu linalolionyesha linapendeza kuliko linaloruka juu yake.

Pengo linaweza pia kuelekea upande mwingine, kitendo kikatangulia na nia ikafuata. Fagan, Uingereza, 1968, alipandisha tairi la gari juu ya mguu wa polisi, pengine bila kukusudia. Alipoambiwa aliondoe, akazima injini na kuliacha gari palepale kwa muda. Mahakama ilisema kitendo kilikuwa bado kinaendelea nia ilipomkuta. Na kuna kisa ambamo nia na kitendo vinakutana, lakini kitendo na kifo havikutani kamwe: White, 1910, aliyemtilia mama yake sumu kwenye kinywaji, mama akafa kwa moyo kabla sumu haijafanya lolote. Hatia yake ilikuwa kujaribu kuua.

Turudi kisimani. Nikitaka kuwapima vijana, nabadilisha maneno machache tu ya swali: badala ya "begani" naandika "utosini", na naondoa "ili kumtisha alipe". Sasa hakuna anayetuambia Hamadi alikusudia nini. Itabidi tukisome kwenye vitendo. Mahakama ya Rufani ya Tanzania katika kesi ya Enock Kipela ilitaja vya kutazama: aina na ukubwa wa silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno ya mshambuliaji, na mwenendo wake kabla na baada. Mchi mzito, utosini. Nia ya kudhuru vibaya inaanza kuonekana saa mbili ileile, na ikishakuwepo, swali linakuwa kama hoja ya Lodi Reid inaweza kumfikia mtu asiyekuwa na mpango. Mimi nasema inaweza, kwa sababu Church ilishauunganisha mwenendo bila mpango, lakini jibu linalosema haiwezi likiwa na sababu silikatii alama.

Jumamosi iliyopita binti mmoja aliyekaa nyuma, asiyezungumza sana, aliuliza: "Mwalimu, na kama pale kisimani Hamadi alimsikia Bakari akikoroma?" Nikampa chaki. Akaandika ubaoni mstari wa tatu, saa mbili na nusu: kumtumbukiza, kichwani mna "yu hai". Akatazama alichoandika, akazifuta Thabo Meli na Church zote mbili kwa kiganja.