Mbayuwayu Kichwa Chini

Kile kichekesho kimerudi tena: fundi akikuambia Ijumaa, muulize Ijumaa ya mwezi gani. Juzi kikatupwa kwenye grupu letu la sendofu, watu wakacheka mpaka machozi, na dada mmoja akaongeza kwamba mafundi cherehani wa Dar wote ni waongo. Nikaandika jibu refu, nikalifuta. Naliweka hapa, ambapo hakuna adimini wa kunitoa.

Mwaka juzi nilikuwa mweka hazina wa kamati ya sendofu ya mtoto wa dada yangu. Sare ilikuwa gauni 20 za kitenge, na fundi nilimtafuta mimi: binti wa miaka 21, kibanda chake Mbagala, cherehani moja ya Butterfly aliyoifunga mota. Mshono wake ulikuwa umenyooka kuliko wa mafundi wengi wenye majina. Ila kazi kubwa aliyowahi kuishika kabla ya hapo ilikuwa magauni manne.

Nilimfuata siku ya Jumatano. Shughuli ilikuwa Jumamosi ya wiki inayofuata.

"Utaweza, mwanangu?"

"Nitaweza, anti. Alhamisi njooni mchukue."

Hakunidanganya, na hapo ndipo ninapogombana na wenye vichekesho. Alipiga hesabu, tena mbele yangu, kwa chaki juu ya meza ya kukatia. Gauni moja ni saa 3 kwenye cherehani. Gauni 20 ni saa 60. Akikaa saa 9 kwa siku, siku 7 zinatosha na chenji inabaki. Kesho yake, Alhamisi, mpaka Jumatano: siku 7. Alhamisi ni ya kupiga pasi. Mimi mweka hazina mzima nikatikisa kichwa kwa kuridhika, nikampa 250,000, nusu ya 500,000 tuliyopatana.

Sasa angalia kilichokuwa nje ya ile hesabu ya chaki.

Kitambaa hakikuwepo. Kilikuwa bado Kariakoo dukani, kinasubiri michango, na michango inasubiri mshahara wa watu fulani ambao leo ndio wanaocheka kwenye grupu. Pisi 10 za yadi sita sita zilimfikia Jumamosi jioni. Siku tatu zimekwenda, na cherehani haijaguswa.

Vipimo navyo havikuwepo. Wanawake 13 walikuja kupimwa, saba wakawa "nakuja kesho". Mmoja alituma kipimo cha kiuno kwa simu, nadhani kilikuwa kiuno chake cha kabla ya mtoto wa pili. Wa mwisho alipimwa Jumatatu.

Halafu kuna zile kazi ambazo mteja hazioni na fundi mchanga hazihesabu. Kukata gauni moja, kwa mtu makini, dakika 40. Ovaloki hakuwa nayo, alikuwa anabeba nguo kwenda kwa mzee mwenye kibanda cha pili na kukaa foleni kama wengine. Pindo la chini alilishona kwa mkono. Zipu, vishikizo, kukata nyuzi, pasi. Ukijumlisha yote, ile gauni ya saa 3 inakula saa 5. Gauni 20 ni saa 100. Toka Jumapili asubuhi mpaka Ijumaa usiku ni siku 6, yaani karibu saa 17 kila siku, bila kula, bila foleni ya ovaloki, na bila umeme kukatika. Ulikatika, bila shaka. Jumatatu mchana kutwa.

Kwa hiyo Jumamosi ile ile, dakika nilipoweka mzigo wa vitenge kwenye benchi lake, kazi ilikuwa imeshashindikana. Hakuna aliyejua: yeye alikuwa bado anazihesabu saa zake 60, mimi nilikuwa nazihesabu siku za kamati.

Aliyejua kwanza ni yeye, Jumatatu usiku, gauni tano tu zikiwa zimekamilika. Na hapa nitasema ukweli ingawa namtetea: alikosea kukaa kimya. Nilimpigia Jumanne, akaniambia "zinakwenda vizuri, anti". Angesema siku hiyo tungegawa gauni nane kwa fundi mwingine na mambo yangeisha. Badala yake akatafuta njia ya mkato.

Kitenge chetu kilikuwa cha mbayuwayu, wale ndege wanaoruka wote kuelekea upande mmoja. Ukipewa pisi ya yadi sita ya kutoa gauni mbili, unaikata kwanza katikati, unageuza kipande kimoja ili ndege waelekee sawa na wenzao, ndipo unapanga moja juu ya nyingine na kukata. Kazi ya dakika chache kwa kila pisi. Usiku ule, kwa tochi ya simu, alizikunja tu pisi nne katikati, akazipanga na kukata tabaka nane kwa mpigo mmoja. Ukikunja kitambaa, nusu ya juu inarudi ilikotoka: ndege wa chini wanapaa, wa juu wanaanguka. Kwa kitenge cha maua madogo yaliyotawanyika usingeona kitu. Kwa mbayuwayu, gauni nne kati ya nane zilitoka ndege wote kichwa chini.

Aliona asubuhi, baada ya kuunga kifua na sketi ya gauni ya kwanza. Kitambaa cha ziada hakikuwepo, maana mweka hazina wa kamati, kwa ubahili wake, alinunua yadi 60 kamili. Mnamjua.

Ijumaa usiku nilikuta gauni 14, nne kati yake ndizo zile. Nyingine nne zilikuja Jumamosi saa nne asubuhi, bado zina moto wa pasi. Mbili hazikumalizika kabisa. Shangazi wa bibi harusi alicheza usiku kucha na mbayuwayu wanaotumbukia miguuni kwake, na picha zipo, zimewekwa fremu. Kamati ililipa gauni 14 tu zilizokuwa sawa: 350,000. Nilimpelekea ile 100,000 iliyobaki mwenyewe. Aliipokea bila kuhesabu, akasema, "Anti, ningewaambia toka Jumatatu." Nami sikumwambia kuhusu ule mzigo uliofika Jumamosi. Niliona aibu, nikapanda daladala.

Sasa ana daftari. Ukienda na kazi ya sare anakuuliza siku ya shughuli, anaiandika, kisha anarudi nyuma: siku ya mwisho pasi, kabla yake siku mbili za kujaribisha na kurekebisha, kabla yake kushona, kabla yake kukata. Gauni la kwanza analishona peke yake akitazama saa, toka chaki mpaka pasi, na muda huo ndio anaouzidisha. Tarehe hakutajii mpaka kitambaa chote kiwe mezani na mtu wa mwisho awe amepimwa. Kuna wateja wanaona ni maringo, wanahamia kwa fundi mwingine atakayewaambia Ijumaa papo hapo.

Wiki iliyopita nilimpelekea kitenge cha ubatizo wa mjukuu. Nilikuwa na haraka, nimeacha bodaboda inasubiri.

"Lini, mwanangu?"

Akakunjua kitambaa, akakipapasa. "Bitana iko wapi, anti?"

"Nitaleta kesho."

"Basi na tarehe nitakupa kesho."

Nilikasirika, jamani. Bodaboda alicheka njia nzima.