Ujumbe wa Shangazi kwa Ndugu Zangu

Huku ugenini kazini, ujumbe unaanza na jambo lenyewe: nini kimetokea, nani afanye nini, lini. Nyumbani mzee huanza na salamu, akapitia majirani, mvua, na waliofiwa, na lile linalomsumbua hulitaja mwishoni, mara nyingi kwa sauti ya chini. Nimeishi na mitindo yote miwili, na msimamo wangu ni huu: anayewafupishia ndugu zake maneno ya mzee atumie ufupi wa huku, lakini asikilize kwa masikio ya nyumbani.

Chukua ujumbe ambao Shangazi alinitumia Jumapili usiku. Ulikaribia dakika tisa. Niliusikiliza Jumatatu nikiwa njiani kwenda kazini, kwa mwendo wa kawaida. Najua WhatsApp inaruhusu kuharakisha sauti mara moja na nusu au mara mbili, lakini mzunguko wa kwanza siharakishi, kwa sababu mzee akinyamaza katikati ya sentensi au akihema, hiyo nayo ni habari. Mzunguko wa pili ndipo naongeza kasi, nikiandika siku, dawa na majina.

Sehemu kubwa ilikuwa msiba wa jirani. Kisha akasema dawa yake ya presha ilibadilishwa Alhamisi. Akarudi kwenye msiba. Karibu na mwisho akasema: "Asubuhi nikiinuka naona kizunguzungu, juzi nikashika ukuta, lakini si kitu, mwanangu." Akamalizia kwamba kesho kutwa saa tatu anatakiwa kliniki.

Haraka haraka, mtu angewaandikia ndugu zake: "Shangazi anawasalimu, ana miadi ya kliniki." Ni kweli tupu, na lililo zito limeachwa nje. Dawa za presha zinaweza kuishusha presha kupita kiasi mtu anaposimama, hasa akiwa mzee na dawa ikiwa imebadilishwa karibuni, na kutoka hapo kuanguka ni hatua moja. Yeye alitenganisha dawa na kizunguzungu kwa dakika nzima ya habari za msiba. Kazi yangu ilikuwa kuviweka pamoja bila kujifanya daktari.

Jingine ni siku. "Kesho kutwa" ya Jumapili ni Jumanne. Ndugu akiisoma Jumatatu ataihesabu Jumatano, na miadi itapita. "Juzi" nayo ilikuwa Ijumaa. Kwa hiyo kila siku iliyotajwa naihesabu kuanzia saa ujumbe uliporekodiwa, kisha naandika tarehe. Na saa naiandika kwa saa za nyumbani, kwa kuwa tumetawanyika.

Nilituma hivi:

"Shangazi alibadilishiwa dawa ya presha Alhamisi. Asubuhi akiinuka anaona kizunguzungu. Ijumaa alishika ukuta. Mwenyewe anasema si kitu. Miadi kliniki: Jumanne tarehe 14, saa tatu asubuhi saa za nyumbani. Hajasema anakwenda na nani. Dada, unaweza kumsindikiza na kumweleza daktari habari ya ukuta? Wazo langu, si lake: kliniki ipigiwe simu leo hii, na dawa asiiache mwenyewe. Sauti yake iko hapa chini."

Maneno "mwenyewe anasema si kitu" niliyaacha makusudi. Ningeyafuta, ningekuwa nimemfanya alalamike wakati hakulalamika, na siku dada akimuuliza angejisikia amesemewa. "Hajasema anakwenda na nani" nayo ni muhimu: pengo likiachwa kimya, kila ndugu hudhani mwingine amekwisha kulijaza. Na jina la mtu mmoja lazima liwepo kwenye ombi. Ukiandika "tufanyeje?" kwa watu wanne, utapata alama nne za kupokea na hakuna aliyetoka nyumbani.

Kuna sehemu sikuiweka kabisa. Alisema kaka yetu hampigii simu siku hizi. Hilo aliniambia mimi, kwa uchungu, na likiwekwa mbele ya wote linageuka shitaka. Nilimpigia kaka peke yake jioni ile.

Ninachokataa cha huku ni kumjibu mzee kwa ufupi uleule. Nimeona watu wakimwandikia "Nimepata, asante" mtu aliyezungumza dakika tisa. Ndugu walihitaji mistari michache ili wagawane kazi. Shangazi alihitaji kujua kwamba msiba wa jirani umesikika. Kwa hiyo nilimrudishia sauti ndefu, nikaanza na salamu na pole ya marehemu, nikamuuliza walivyozika, na ndipo nikafika kwenye kizunguzungu: kinachukua muda gani, na je, akikaa kidogo kitandani kabla ya kusimama kinapungua? Akajibu kwamba kinapungua, ila Jumamosi kilimrudia hata mchana. Hilo la mchana nikawaongezea ndugu kwa mstari mmoja, na dada akaenda nalo kliniki.