Hata mtani hulipa fidia

Stika yenyewe iliingia kwenye gurupu la wasapu la tuliosoma pamoja, Jumapili asubuhi. Picha ya mvulana mwenye ualbino amesimama kituo cha daladala, kofia pana kichwani, sare ya shule mwilini. Chini yake: "Mtaji wa bodaboda huu hapa." Ndani ya dakika chache vicheko vikajaa. Mmoja akaandika, "Dili hilo, lisikupite." Mwingine: "Tuma lokesheni basi."

Nilipouliza kinachochekesha ni nini, nikajibiwa kwa neno ninaloliheshimu sana: "Utani tu, ndugu yangu. Mbona mkali?"

Mimi ni Mnyamwezi, nimeoa Uzaramoni. Utani naujua. Msibani kwetu mtani anaweza kulala kaburini akakataa kutoka mpaka apewe hela, au akavaa koti la marehemu na kuiga mwendo wake mbele ya wafiwa. Wageni hushangaa, sisi tunacheka huku machozi yanatutoka. Lakini mtani anajulikana, yupo hapo hapo, na kesho ukija msiba kwake zamu ya kulala kaburini ni yako. Akizidisha, wazee wanamkalisha chini na fidia anatoa. Ukiondoa zamu na ukaondoa uso, utani haupo tena. Yule mvulana hakuwa na zamu. Hata kupigwa picha hakujua.

Sasa lichukuliwe hilo neno "dili". Nani anaweza kulicheka bila kuelezwa? Anayejua tayari kwamba wapo waganga wanaodai kiungo cha mtu mwenye ualbino huleta utajiri, na kwamba wapo wanaolipia. Bila hiyo habari, stika ni mtoto anasubiri daladala, basi. Ndiyo njia yangu ya kupima mzaha wa aina hii: namwomba aliyeutuma anieleze taratibu, kama anamweleza bibi yake, ni nini msikilizaji lazima akijue ndipo acheke. Wa kwenye gurupu alianza vizuri, "Si unajua wanasemaga…", akafika katikati akanyamaza. Sentensi iliyobaki ilikuwa kwamba mtoto huyu ana bei.

Na bei hiyo watu wameilipia kwa damu. Mauaji yalipopamba moto Kanda ya Ziwa miaka ya 2007 na 2008, familia zilizika watoto wao ndani ya nyumba na kumwaga zege juu ili makaburi yasifukuliwe. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alibubujikwa na machozi bungeni akilizungumzia jambo hili. Mtu akisema hayo ni ya zamani, Mei 2024 mtoto wa miaka miwili na ushee alinyakuliwa nyumbani kwao Muleba, Kagera. Mwezi uliofuata mwili wake ulipatikana bila baadhi ya viungo. Kwa hiyo "tuma lokesheni" chini ya picha ya mtoto, nembo ya shule inasomeka kifuani, mimi siwezi kuisoma kama kichekesho, hata kama aliyeiandika hana nia yoyote. Stika inafowadiwa. Nia yake haifowadiwi nayo.

Madhara mengine hayana kelele. Gurupuni yumo mama mmoja ambaye binti yake ana ualbino. Hakubishana, wala hakujitoa. Aliacha tu kuandika. Hata salamu za asubuhi, ambazo alikuwa hazikosi, zikakatika. Nilipomfuata inboksi akanijibu, "Hilo neno nalisikia kila siku njiani nikimpeleka shule. Sikutegemea kulikuta kwenu." Kwenu, si kwetu. Nimelirudia hilo neno mara nyingi.

Nisieleweke kwamba ualbino hautaniwi. Rafiki yangu mmoja, fundi wa redio, mwenyewe ana ualbino, ana kisa cha kwenda sokoni siku amevaa miwani na kofia. Muuza mihogo akamtajia bei kwa Kiingereza. Akalipa bila kubisha, kisha akasema kwa Kinyamwezi, "Haya, chenji yangu." Anavyoigiza uso wa yule muuzaji, lazima ukae chini. Ukikipima kisa hicho, kinachochekwa ni macho ya muuzaji. Kwenye stika, kinachochekwa ni kwamba mtoto anaweza kuuzwa.

Adimini aliifuta stika jioni, baada ya mimi kumpigia simu. Kwenye maandishi aliona aibu kuonekana "mkali". Ilikuwa imeshafika magurupu mengine mawili ninayoyajua. Aliyeituma alinipigia kesho yake, tukaongea ya mvua na bei ya mahindi, halafu akauliza kwa sauti ya chini kama yule mama amekasirika. Nikampa jibu moja: namba yake unayo.

Mpaka naandika haya, hajampigia.